Mate na kikohozi: mtoto anayepumua kwa kelele usiku

Hotuba iliyotolewa mjini Moshi kwa waganga, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaofanya kazi katika zahanati na vituo vya afya vya mkoa wa Kilimanjaro.

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za asubuhi. Najua baadhi yenu mmetoka zamu ya usiku mkapanda hiace kuja hapa moja kwa moja, kwa hiyo utangulizi nauacha.

Mnamfahamu mtoto ninayetaka kumzungumzia. Ni saa nane usiku, mama anagonga mlango wa zahanati, mtoto yuko ndani ya kitenge, na hata kabla hamjafungua mnamsikia. Kila akivuta pumzi, koo linalia. Si ule mluzi wa pumu unaosikika anapotoa pumzi, wala si mafua yaliyoziba pua. Ni straida, sauti kavu ya hewa inayolazimishwa kupita mahali palipobanwa, na husikika hasa anapoingiza hewa.

Straida ina sababu nyingi. Leo nachukua mbili tu, krupu na epiglotaitisi, kwa sababu zinakuja na kelele zinazofanana ilhali mikono yako inatakiwa kufanya mambo tofauti kabisa. Mtoto wa krupu unaweza kumshika, ukampa dawa, ukakaa naye ukimtazama. Mtoto wa epiglotaitisi anaweza kuziba koo pale pale kwa sababu tu umemlaza chali na kumfungua kinywa umchungulie.

Nianze na mahali uvimbe unapokaa. Mkishapaelewa hapo, dalili zote mtazipata wenyewe bila kuzikariri.

Krupu inakaa chini ya nyuzi za sauti. Virusi, mara nyingi parainfluenza, vinaanzia puani kama mafua ya kawaida, halafu vinashuka hadi kwenye koromeo na koo la hewa. Hapo chini ya nyuzi za sauti kuna gegedu moja lililo pete kamili, limezunguka pande zote. Ngozi laini ya ndani ikivimba haina pa kutanukia isipokuwa kuelekea katikati, yaani kwenye njia yenyewe ya hewa. Chukulia mtoto ambaye njia yake hapo ina upana wa milimita 4. Ikivimba milimita 1 tu pande zote, zinabaki milimita 2. Eneo la kupitisha hewa limebaki robo, na ukinzani wa hewa umepanda kama mara 16. Mtu mzima akivimba kiasi hicho hicho atasema sauti imemkauka, kisha ataenda zake kazini. Ndiyo maana krupu ni ugonjwa wa wadogo, hasa kati ya miezi 6 na miaka 3.

Kwa kuwa nyuzi za sauti zimeguswa, sauti inakwaruza, na mtoto akilia kilio kinatoka kimepasuka. Kwa kuwa koo la hewa linawasha, anakohoa, tena kikohozi chenyewe ni kile cha kubweka ambacho mama mwenyewe atakuigiza bila wewe kumuuliza. Lakini njia ya chakula iko huru. Kumeza hakumuumi. Atanyonya, atakunywa maji, na mate yake anayameza kama kawaida.

Sasa panda juu kidogo. Juu ya nyuzi za sauti kuna epiglotisi, kile kifuniko kidogo kinachoinama kufunika njia ya hewa kila tunapomeza ili tonge lisipotee njia. Bakteria, na kihistoria karibu kila mara ni Himofilasi influenza aina b tunayoiita Hib, wakishambulia hapo, kifuniko hicho kinavimba na kuwa chekundu mfano wa nyanya ndogo iliyoiva, kikasimama juu ya mlango wa hewa. Kila kumeza kunakigusa, na maumivu yake ni makali kiasi kwamba mtoto anaacha kumeza kabisa, hata mate yake mwenyewe. Yanajaa kinywani, yanachuruzika kidevuni, yanalowesha nguo. Nyuzi za sauti zenyewe ni nzima, kwa hiyo sauti haikwaruzi. Inatoka nzito na iliyofunikwa, kama ya mtu mwenye kitu kinywani, na wengi hawataki kusema kabisa. Koo la hewa huko chini halina shida, hivyo kikohozi hakuna, au kipo kidogo sana.

Kwa hiyo mambo mawili: mate na kikohozi. Watafiti wa Melbourne, Australia, waliwatazama watoto wa magonjwa yote mawili waliolazwa kwao na kulinganisha dalili walizoingia nazo. Kilichowatenganisha vizuri zaidi ni hicho. Mtoto anayekohoa na hatoki mate, krupu. Mtoto anayetoka mate na hakohoi, epiglotaitisi. Straida yenyewe ilikuwepo pande zote mbili, na ndiyo maana nasema msiipe sauti kazi ya kuwaamulia. Nimewasikia wenzetu wakibishana kama straida ni nyembamba au nzito. Ni kweli ya epiglotaitisi mara nyingi ni ya chini na laini, inafanana zaidi na mkoromo, lakini usiku wa manane, mtoto analia, mvua inapiga bati, sikio lako halitakuwa na uhakika huo. Mate utayaona.

Kuna jambo la tatu la kumuuliza mama, nalo ni saa ilipoanza. Krupu huanza na mafua ya siku moja au mbili, homa kidogo, kisha usiku mmoja kikohozi kinabadilika. Epiglotaitisi inakwenda kwa saa. Asubuhi alikunywa uji na kucheza, jioni hatambuliki. Mtoto wa krupu anaweza kuwa na straida ya kutisha na bado akakutazama kwa udadisi na kunyoosha mkono kwenye kalamu yako. Mtoto wa epiglotaitisi ana homa kali na uso wa mtu mgonjwa sana. Hahangaiki ovyo. Amekaa, ameinama mbele, mikono ameikita mbele yake au mapajani, kidevu amekitoa nje, kinywa wazi. Amejitafutia mwenyewe mkao pekee unaomwachia upenyo wa hewa. Msimnyang'anye.

Niwape kisa. Nimekiunganisha kutoka kwa watoto zaidi ya mmoja ili asitambulike yeyote, ila kila kitu ndani yake kimetokea.

Mvulana wa miaka 4, kilo 15, anatoka vijiji vya juu huku mlimani, analelewa na bibi yake. Kadi ya kliniki inaonyesha penta moja tu, ile ya wiki 6. Baada ya hapo familia ilihama na chanjo zikakatika. Saa sita mchana alisema koo linauma. Saa kumi alikataa chai. Jirani alitazama, akasema ni kimeo, na kwamba yuko mzee anayejua kukikata. Bibi alisita, na kusita kwake ndiko kulikompa mtoto nafasi. Hebu fikirini mtu anamshika mtoto huyu kichwa, anamlaza, anamsukumia kitu cha chuma hadi nyuma ya ulimi. Kukata kimeo kuna hatari zake siku yoyote ile, damu na tetenasi mnazijua. Siku hiyo kungemmaliza kabla hata damu haijatoka.

Walifika kituo cha afya saa moja na nusu jioni. Muuguzi wa zamu alimwona mlangoni: amekaa kwenye paja la bibi, ameinama, khanga ya bibi imelowa mate begani, straida ndogo, hakohoi. Joto kwa mkono tu lilitosha kumwambia. Akamuuliza bibi maswali matatu. Imeanza lini? Anameza? Amekohoa leo? Alipojibiwa mchana huu, hapana, na hapana, alikuwa ameshamaliza uchunguzi. Hakumsumbua zaidi.

Nataka mtazame alichoacha kufanya, maana kila kimoja ni kitu tulichofundishwa kufanya kwa mgonjwa yeyote. Hakuchukua spatula na tochi kutazama koo. Hakumlaza kitandani. Hakuweka kanula, hakuchukua damu ya malaria. Hakumwondoa pajani kwa bibi ili ampime uzito vizuri. Hakumpa parasetamoli ya maji, kwa sababu mtoto ambaye hamezi mate hatameza dawa, na ukimlazimisha atapaliwa. Mtoto akilia kwa nguvu anavuta hewa kwa nguvu, na kuvuta kwa nguvu kunakibana zaidi kile kilichokwisha kuvimba. Spatula ikigusa nyuma ya ulimi inaweza kuleta mkazo wa koromeo unaoziba kila kitu papo hapo, na pale kituoni hapakuwa na mtu wa kumfungulia njia.

Alichofanya ni kuwasha konsentreta na kumpa bibi ule mrija aushike karibu na uso wa mtoto, bila barakoa ya kumbana. Akamtoa kila mtu chumbani aliyekuja kushangaa. Akamwita tabibu, naye akapiga simu hospitali ya rufaa akasema maneno machache yaliyonyooka: mtoto wa miaka minne, nadhani ni epiglotaitisi, hamezi, ameinama mbele, tunakuja, waiteni watu wa usingizi na wa koo watusubiri. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi. Ukisema tu mtoto ana shida ya kupumua, mtapangwa foleni ya mapokezi, na mtu wa kwanza kukutana naye atakuwa kijana mwenye bidii na spatula mfukoni.

Oksimita waliyombana kidoleni ilisoma asilimia 95. Mmoja akasema basi tusubiri asubuhi. Muuguzi akakataa, na alikuwa sahihi. Katika kuziba kwa njia ya juu ya hewa, mapafu yenyewe ni mazima, kwa hiyo kila hewa kidogo inayopita inatumika vizuri na namba inabaki nzuri hadi karibu na mwisho. Ikianza kushuka, muda umekwisha. Vivyo hivyo kelele. Straida ikipungua huku mtoto anachangamka na anakunywa, amepata nafuu. Straida ikipungua huku analegea, macho yanafumba, mbavu bado zinabonyea, hapo hewa ya kutoa sauti haipo tena.

Walisafiri naye akiwa amekaa pajani kwa bibi hadi mjini, muuguzi pembeni na ambu-begi mikononi yenye barakoa ya ukubwa wake, ameshaijaribu kabla ya kutoka. Hospitali, hakupelekwa eksrei. Ile picha ya shingo inayoonyesha epiglotisi nene kama kidole gumba imo vitabuni, lakini chumba cha eksrei ni mahali pabaya pa mtoto kuziba koo. Alipelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Mtaalamu wa usingizi alimpa usingizi kwa dawa ya kuvuta, mtoto akiwa bado amekaa, daktari wa koo amesimama na seti ya trakeostomi imefunguliwa. Mrija wa kawaida kwa miaka 4 ni namba 5, wakaandaa 4.5 na 4 kwa sababu ya uvimbe. Uliingia wa 4.5. Baada ya hapo tu ndipo ikawekwa kanula, ikachukuliwa damu, na akapewa seftriaksoni miligramu 80 kwa kilo, yaani miligramu 1,200 kwa siku, kwa siku 5. Uvimbe wa epiglotisi hunywea haraka dawa ikishafika. Siku ya pili hewa ilianza kupita kando ya mrija, wakautoa.

Mdogo wake wa miezi 11 alikuwa nyumbani, naye chanjo hazikukamilika. Nyumba ya namna hiyo, wote wanaoishi humo hupewa rifampisini kuondoa Hib wanaoishi puani na kooni bila dalili: miligramu 20 kwa kilo mara moja kwa siku kwa siku 4, isizidi miligramu 600, na mdogo akakamilishiwa chanjo. Waambieni mapema kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, la sivyo mtawaona wamerudi usiku huo huo.

Penta imeingia katika chanjo za kawaida Tanzania mwaka 2009, na Hib imo ndani yake, wiki 6, 10 na 14. Kwa sababu hiyo wengi wenu vijana hamjamwona mtoto huyu na huenda mkafanya kazi miaka mingi bila kumwona. Hilo ni jema, lakini lina upande wake. Ugonjwa ukiwa adimu, jicho linausahau, na kila straida inaitwa krupu. Kadi iliyokamilika inapunguza sana uwezekano, haiufuti. Streptokokasi na stafilokokasi nazo zinaweza kuivimbisha epiglotisi, na hizo hazimo kwenye penta. Kwa hiyo kadi itazame, ila mate yakichuruzika amini mate.

Sasa krupu, ambayo ndiyo mtakayokutana nayo.

Binti wa miezi 14, kilo 10. Mafua tangu juzi, homa ya 38, usiku huu ameamka anabweka. Amemkumbatia mama, ananyonya kwa vituo, hatoki mate. Mara nyingi mama atakwambia jambo la ajabu: nyumbani alikuwa mbaya zaidi, tulipotoka nje na bodaboda akatulia. Msimwone ametia chumvi. Hewa baridi ya usiku inasaidia kweli krupu nyepesi kwa muda, na kule Geneva wameipima kwa utafiti: watoto waliokaa nusu saa nje kwenye baridi walipata nafuu zaidi ya waliobaki ndani. Msije mkamrudisha nyumbani bila dawa kwa sababu amefika ametulia, maana atarudia. Mvuke wa kufukiza, kwa upande mwingine, haujaonekana kusaidia krupu, na sufuria la maji ya moto chini ya blanketi na mtoto anayerusha miguu mnajua linaishia wapi. Tangu mwaka 2020 kufukiza kumekuwa dawa ya kila kitu katika nyumba zetu, hivyo ulizeni kama wameshamfukiza, bila kumgombeza mama.

Swali la kuamua ukali ni moja: akiwa ametulia, hajalia, straida ipo? Subiri anyamaze, mwache anyonye, kisha tega sikio na utazame kifua. Kama straida inasikika akilia tu na kifua hakibonyei, ni nyepesi. Kama inasikika akiwa ametulia, au mbavu na shimo la juu ya mfupa wa kifua vinazama kila pumzi, ni kali, na huyo hafai kulala zahanati.

Wote wawili, mwepesi na mkali, wanapata deksamethasoni dozi moja. Miligramu 0.6 kwa kilo ndiyo iliyo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Binti yetu wa kilo 10 ni miligramu 6. Ampuli nyingi tulizonazo zina miligramu 4 kwa mililita, kwa hiyo ni mililita 1.5. Na hapa nasisitiza: mpeni kwa mdomo. Vuta kwa sindano, toa ncha, changanya na maji kidogo yenye sukari, mmiminie pembeni ya shavu. Inafanya kazi sawa na ya kuchomwa, na hujamliza mtoto mwenye koo lililobanwa. Mchome tu kama anatapika au amechoka hawezi kumeza. Dawa hii haifanyi kazi papo hapo. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya saa moja au mbili, na inaendelea kufanya kazi zaidi ya siku moja, ndiyo maana dozi moja inatosha.

Kama ni kali na mna nebulaiza, adrenalini ya 1 kwa 1,000, mililita 2 bila kuchanganya, apumue yote. Inapunguza uvimbe ndani ya nusu saa, na mtaona uso wa mama ukibadilika. Lakini nguvu yake ni kama saa mbili, kisha inaisha, na mtoto anaweza kurudi palepale alipokuwa. Anayepewa adrenalini hapelekwi nyumbani akitabasamu. Anakaa mnamtazama saa nne, au anapelekwa rufaa huku dawa bado inafanya kazi. Mkiulizwa na dereva kwa nini mnaharakisha wakati mtoto anacheza, hiyo ndiyo sababu.

Amoksilini haina kazi kwenye krupu. Najua inatolewa, na najua kwa nini: mama ametembea usiku na hatutaki aondoke mikono mitupu. Mpeni maelezo badala yake. Mwambieni kesho usiku kunaweza kuwa na kikohozi tena, lakini chepesi zaidi, na kwamba akisikia sauti ile mtoto akiwa ametulia, au akianza kutoka mate, au mbavu zikizama, arudi saa hiyo hiyo.

Yuko mmoja anayewachanganya hata waliobobea, na nisingetulia nikimwacha. Anaanza kama krupu halisi, anakohoa anabweka, hatoki mate. Halafu siku ya pili au ya tatu homa inapanda, anaonekana mgonjwa sana, adrenalini mnampa na hakuna kinachobadilika. Huyo mara nyingi ana usaha mzito ndani ya koo la hewa lenyewe, na stafilokokasi ndiye mshukiwa wa kwanza. Anahitaji mrija na antibiotiki kama yule wa epiglotaitisi. Kigezo changu ni rahisi: krupu isiyojibu adrenalini si krupu hadi ithibitike vinginevyo. Na yule aliyekuwa mzima kabisa, akila karanga na wenzake, akapaliwa ghafla na kuanza kelele bila homa, huyo ana kitu kooni, msimpotezee muda kwa deksamethasoni.

Mwisho wa hotuba kulikuwa na maswali, nami nayaandika mawili.

Tabibu kutoka juu kule Rombo aliuliza: daktari, kwetu gari la wagonjwa linaweza kuchukua zaidi ya saa moja. Nimwache mtoto wa epiglotaitisi bila sindano ya antibiotiki muda wote huo?

Nilimjibu hivi. Katika saa za kwanza kinachomwokoa ni hewa, na antibiotiki haifungui njia ndani ya saa moja. Akiwa amekaa, anapumua, amejishikilia, sindano itamliza na kilio ndicho unachokiogopa. Piga simu hospitali unakompeleka, ueleze umbali, na uamuzi wa sindano ufanyike kwa pamoja na daktari atakayempokea. Kama gari halipo kabisa, kodini Noah. Mama akae kiti cha katikati, mtoto pajani ametazama mbele, wewe pembeni yake. Bodaboda hapana, kwa sababu akiacha kupumua njiani hutakuwa na mikono.

Muuguzi mmoja akadakia: na akiacha kupumua kweli?

Simamisha gari. Sasa mlaze, maana hana tena cha kupoteza kwa kulazwa. Mmoja ashike barakoa kwa mikono miwili, vidole vikivuta taya juu, aibane usoni hewa isivuje. Mwingine abonyeze ambu-begi polepole na kwa nguvu kuliko mlivyozoea, ampe muda hewa iingie. Kifuniko kilichovimba ni laini, na msukumo wa hewa kutoka nje mara nyingi unaweza kukipita hata pale ambapo mtoto mwenyewe alishindwa kuvuta. Tazama kifua. Kikiinuka hata kidogo, endeleeni hivyo hivyo, dereva aondoke, na msisimame tena kujaribu kitu kingine hadi mfike.